Sufuria imeisha, mbona pesa hazionekani? Jinsi ya kujua sahani moja ya pilau inakugharimu kiasi gani

Je, wewe ni mama au baba unayepika pilau na kuwauzia wafanyakazi wa ofisi mchana? Je, umewahi kurudi nyumbani na sufuria tupu, wateja wamekula na kushukuru, lakini ukihesabu pesa jioni unakuta hazitoshi kwenda sokoni kesho? Makala hii ni kwa ajili yako. Ni kwa mkimbizi na pia kwa mwenyeji, maana wote tunapika kwa makaa yale yale na kununua mchele kwenye soko lile lile.

Tutachukua mfano wa mama mmoja anayepikia nyumbani kwake hapa Nakivale na kupeleka chakula karibu na ofisi za Base Camp. Anauza sahani moja kwa shilingi 4,000 za Uganda. Bei za vitu tutakazotumia ni za mfano tu. Soko la Base Camp si sawa na la Juru au Rubondo, na bei ya leo si ya mwezi ujao. Wewe chukua daftari, fuata hatua hizi, na mahali pa bei zetu andika za kwako.

Hesabu ambayo wengi wetu tunaifanya

Mama huyu anapika kilo 5 za mchele. Asubuhi anaenda sokoni, na akirudi anahesabu pesa alizotumia:

- Mchele kilo 5, kila kilo 4,500: shilingi 22,500
- Nyama ya ng'ombe kilo 2 bila mfupa, kila kilo 15,000: shilingi 30,000
- Mafuta ya kupikia robo tatu ya lita: shilingi 6,000
- Vitunguu kilo moja na nusu: shilingi 6,000
- Kitunguu saumu na tangawizi: shilingi 2,500
- Viungo vya pilau (bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga): shilingi 3,000
- Chumvi: shilingi 500
- Nyanya, vitunguu, pilipili na ndimu za kachumbari: shilingi 6,000

Jumla ni shilingi 76,500. Kwa mazoea anajua kwamba kilo 5 zinatoa sahani kama 30. Kwa hiyo anagawanya 76,500 kwa 30 na kupata shilingi 2,550. Anauza 4,000. Anaona kila sahani inamwachia 1,450, na sufuria nzima inamwachia 43,500. Kwa siku moja, hiyo ni pesa nzuri.

Lakini pesa hiyo haionekani. Wiki mbili zikipita, mtaji umepungua na anamkopa jirani ili anunue nyama. Anafikiri labda amepoteza noti njiani, au kuna mtu anamwibia. Hakuna mwizi. Hesabu yake ina mashimo mawili. La kwanza ni vitu anavyotumia bila kuviandika. La pili ni hizo sahani 30, ambazo hajawahi kuzihesabu.

Shimo la kwanza: vitu ambavyo haviko kwenye orodha ya soko

Pilau haipikwi kwa mchele na nyama peke yake. Kaa chini na ufikirie siku yako kuanzia unapowasha moto mpaka unapoosha sahani ya mwisho. Kila kitu kinachoisha, kinachochakaa au kinacholipwa, kiandike.

Kwa mama wa mfano wetu, orodha ya pili ni hii:

- Makaa: gunia analonunua kwa 50,000 linapika sufuria 10, kwa hiyo kila sufuria ni shilingi 5,000
- Maji ya kupikia na kuoshea, jerikeni mbili: shilingi 1,000
- Boda boda ya kubeba sufuria na vyombo: shilingi 3,000
- Sabuni na karatasi za kufutia mikono: shilingi 1,500
- Msaidizi anayebeba na kuosha sahani: shilingi 5,000
- Kuchakaa kwa vyombo: shilingi 1,000

Jumla ni shilingi 16,500.

Kuhusu makaa, watu wengi hukosea kwa sababu gunia hununuliwa siku moja na kutumika siku nyingi. Siku ya kulinunua inaonekana kama siku ya hasara, na siku nyingine zote zinaonekana kama makaa ni ya bure. Njia rahisi ni hii: siku unayofungua gunia, chora mstari kwenye ukuta au daftari kwa kila sufuria unayopika. Gunia likiisha, hesabu mistari na ugawanye bei ya gunia kwa idadi hiyo. Kumbuka pia kwamba makaa hayo hayo huenda yanapika chai na chakula cha watoto. Kama ndivyo, sehemu hiyo ni ya nyumba, si ya biashara.

Vyombo navyo vinasahauliwa kwa namna hiyo hiyo. Mama huyu alinunua sufuria kubwa, sahani, vijiko na ndoo yenye kifuniko kwa jumla ya 240,000. Anategemea vitamfaa mwaka mmoja kabla hajalazimika kununua vingine. Anapika kama siku 20 kwa mwezi, yaani siku 240 kwa mwaka. Ukigawanya, kila siku vyombo vinakula shilingi 1,000. Asipoiweka kando, siku sahani zikivunjika au sufuria ikitoboka atazilipa kwa pesa ya nyama.

Kuna pia vitu vinavyotoka nyumbani. Ukiishiwa mafuta katikati ya mapishi ukachukua yale ya familia, mafuta hayo si ya bure. Familia itayahitaji kesho na utalazimika kuyanunua. Yaandike kwa bei ya sokoni, kama vile umeyanunua leo.

Sasa jumlisha orodha mbili: 76,500 na 16,500 ni 93,000. Hii ndiyo gharama halisi ya sufuria, na bado hatujaweka malipo ya mpishi mwenyewe. Tutarudi huko.

Shimo la pili: sufuria yako inatoa sahani ngapi kweli?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo watu wengi hawapaangalii. "Kilo 5 zinatoa sahani 30" ni maneno tuliyosikia kwa mwingine au tuliyokadiria kwa macho. Sahani hazihesabiwi kwa kilo za mchele mbichi. Zinahesabiwa kwa uzito wa pilau iliyoiva na kwa kiasi unachopakua.

Siku moja tu, fanya kazi ya kupima. Azima mizani ya kusimama kwa wafanyabiashara wa mahindi. Usitumie ile ya kuning'iniza kwa sufuria yenye moto, ni hatari. Kwanza pima sufuria ikiwa tupu. Kisha pika kama kawaida, na pilau ikiiva na kukauka, pima tena.

Mama wa mfano wetu alipata hivi: sufuria tupu kilo 4.5, sufuria na pilau kilo 20.5. Kwa hiyo pilau yenyewe ni kilo 16. Usishangae kwamba kilo 5 za mchele na kilo 2 za nyama zimekuwa kilo 16. Mchele unakunywa maji na kuongezeka uzito, karibu mara mbili na nusu au zaidi kidogo. Nyama kinyume chake inapungua: kilo 2 mbichi zikiiva zinaweza kubaki kilo moja na theluthi hivi, kwa sababu maji na mafuta yake yametoka.

Katika hizo kilo 16, kilo moja ni ukoko chini ya sufuria. Watoto nyumbani wanaupenda, lakini mteja wa ofisi hanunui. Inabaki kilo 15 za kuuza. Kama kila sahani ni gramu 500 za pilau, sahani ni 30 kamili. Kumbe yale makadirio yalikuwa sawa.

Mbona basi kila siku sufuria inaisha kwenye sahani ya 26?

Jibu liko kwenye mwiko. Mama anapakua kwa macho. Mteja anasimama na kusema, "Mama, niongezee kidogo, leo sijakunywa chai." Mama anaongeza. Anayefuata ameona, naye anataka vile vile. Alipopima sahani chache bila kuchagua, alikuta wastani si gramu 500 bali kama gramu 575. Gramu 75 ni kama vijiko viwili vikubwa tu, hazionekani kwenye sahani. Lakini kilo 15 ukizigawa kwa gramu 575, unapata sahani 26. Sahani nne zimetoka bila kulipwa, na kila moja ingeleta 4,000.

Bado kuna sahani nyingine mbili. Mama na msaidizi wake wanakula mchana, na ni haki yao. Ila sahani hizo hazileti pesa. Kwa hiyo zilizouzwa ni 24.

Hebu tufanye hesabu ya kweli ya siku hiyo:

- Zilizouzwa: sahani 24 kwa 4,000 = shilingi 96,000
- Gharama ya sufuria: shilingi 93,000
- Kilichobaki: shilingi 3,000

Mama aliamka saa kumi na moja alfajiri na kumaliza kuosha vyombo saa kumi jioni. Alifikiri amepata 43,500. Amepata 3,000.

Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni hii:

Gharama ya sahani moja = gharama zote za sufuria ÷ sahani zilizouzwa

Si sahani zilizopikwa, wala sahani ambazo sufuria "ingeweza" kutoa. Kwa mama huyu ni 93,000 kugawanya kwa 24, yaani shilingi 3,875. Kila sahani inamwachia shilingi 125 tu, si 1,450.

Kurekebisha bila kupandisha bei

Wazo la kwanza la wengi ni kupandisha bei iwe 5,000. Kabla ya hapo, ziba shimo la mwiko.

Tafuta bakuli la plastiki au kikombe kikubwa. Kiweke kwenye mizani ndogo, kwa mfano ya muuza viungo au muuza nyama, na ujaze pilau mpaka ifike gramu 500 bila kuhesabu uzito wa bakuli. Usishindilie. Angalia pilau imefika wapi, kisha uchore alama kwa kisu au ukate bakuli hapo. Kuanzia siku hiyo, kila sahani inapakuliwa kwa bakuli hilo, na msaidizi wako akipakua naye anatumia hilo hilo. Mteja akiomba nyongeza, mwongezee kachumbari, ambayo ni ya bei nafuu kuliko wali wenye nyama. Au weka bei ya nyongeza iliyo wazi kwa kila mtu.

Nyama nayo ihesabu kabla haijaingia kwenye sufuria. Ukitaka vipande vitatu kwa sahani na sahani ni 30, kata vipande 90 vinavyolingana. Kilo 2 ukizikata hivyo, kila kipande kina gramu 22 hivi kikiwa kibichi. Kuna faida nyingine: mteja wa mwisho anapata vipande vitatu kama wa kwanza. Asipovipata, kesho hatarudi, na hatakuambia kwa nini.

Kwa bakuli hilo sufuria sasa inatoa sahani 30. Mbili wanakula wapishi, 28 zinauzwa. Mauzo ni 112,000. Toa 93,000, inabaki 19,000. Mama ametoka shilingi 3,000 hadi 19,000 kwa siku, kwa bei ile ile, mchele ule ule na moto ule ule. Gharama ya sahani imeshuka kutoka 3,875 hadi kama 3,320.

Lakini jihadhari. Kipimo hiki kinafaa kwa mchele uliopima siku ile. Mchele wa zamani uliokaa ghalani hunywa maji zaidi na kuvimba zaidi kuliko mchele mpya wa mavuno. Ukibadilisha aina ya mchele au muuzaji, unaweza kukuta kilo 5 zinatoa kilo 14 badala ya 16. Hapo sahani zinapungua hata kama bei ya mchele ni ndogo. Kwa hiyo kila ukibadilisha mchele, pima tena siku ya kwanza. Usijaribu kufidia kwa kuongeza maji. Uzito utapanda kweli, lakini pilau itakuwa bokoboko na wateja watahama.

Na malipo yako mwenyewe?

Wengi tunasema, "Mimi ni mwenye biashara, faida ndiyo malipo yangu." Ni sawa ukitaka kusema hivyo. Ila jiulize: siku ukiugua na ukalazimika kumlipa mtu mwingine apike, je, biashara itabaki na kitu?

Tuseme mpishi wa kukodi angelipwa 10,000 kwa siku. Ongeza kwenye 93,000, gharama inakuwa 103,000. Gawanya kwa sahani 28, ni kama 3,680 kwa sahani. Mauzo ya 112,000 yanaacha 9,000. Hii 9,000 ndiyo faida ya biashara yenyewe. Ile 10,000 ni mshahara wako, na unaweza kuipeleka nyumbani bila woga. Ukizitenganisha hivi, hutakula mtaji ukidhani unakula faida. Familia inajua kiasi chake cha kila siku, na kinachobaki kinalinda biashara siku mbaya ikija.

Sahani ya 24

Sasa tuna namba nyingine ya kuijua kichwani unapokuwa mbele ya wateja. Gawanya gharama ya sufuria kwa bei ya sahani: 93,000 kugawanya kwa 4,000 ni 23 na kidogo. Maana yake ni kwamba sahani 23 za kwanza zinalipa soko, makaa, boda boda na msaidizi. Ukifika sahani ya 24 umerudisha gharama zote. Kuanzia ya 25 mpaka ya 28 ndipo pesa yako ilipo. Kazi yote ya siku iko kwenye sahani chache za mwisho.

Ndiyo maana siku wafanyakazi wengi wanapokwenda kwenye vijiji au kwenye mikutano, hasara inakuja haraka. Ukiuza sahani 20 tu, unapata 80,000, na umepoteza 13,000. Hasara hiyo inameza zaidi ya nusu ya kilichobaki siku nzuri.

Je, siku hiyo ungepika kilo 3 badala ya 5? Tuangalie. Chakula kinashuka kutoka 76,500 hadi 45,900. Lakini gharama za pili hazishuki kwa kiasi hicho. Boda boda ni 3,000 ile ile, msaidizi 5,000, vyombo 1,000, na maji tuseme 1,000. Makaa yanashuka kidogo, tuseme 4,000, kwa sababu moto wa kuanzia ni ule ule. Sabuni na karatasi 1,000. Jumla ni 15,000, na sufuria nzima ni 60,900. Inatoa sahani 18, mbili mnakula, 16 mnauza kwa 64,000. Inabaki 3,100.

Unaona mambo mawili hapo. Sufuria ndogo si njia ya kutajirika, maana kila sahani inagharimu kama 3,800. Lakini siku ambayo una wateja 16 hadi 20 tu, ni bora ubaki na 3,100 kuliko kupoteza 13,000. Kwa hiyo tafuta kujua mapema. Jioni kabla ya kwenda sokoni, mpigie simu mlinzi au mhudumu wa ofisi unayemfahamu, uulize kesho watu wako ofisini au wanatoka. Simu hiyo ya dakika moja inaamua ukubwa wa sufuria.

Sahani zilizobaki zigawe au zile nyumbani siku ile ile, na uziandike kama hasara. Usizichanganye na pilau ya kesho. Wali uliokaa saa nyingi bila baridi unaota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Mfanyakazi mmoja akiumwa tumbo, ofisi nzima itasikia.

Deni: pesa yako iliyo mfukoni mwa mtu mwingine

Wafanyakazi wengi hulipwa mwisho wa mwezi. "Mama, niandikie, tarehe ya mshahara nitakulipa." Kuwanyima wote ni kuwafukuza. Kuwakubalia wote ni kufunga sufuria.

Tazama siku ile ya sahani 24. Tuseme sita zilikuwa za deni. Mkononi mama ana pesa ya sahani 18, yaani 72,000. Kesho asubuhi anahitaji 76,500 za soko, 1,000 za maji, 3,000 za boda boda na 5,000 za msaidizi, jumla 85,500. Anapungukiwa 13,500 kabla hajawasha moto. Kwenye daftari hakuna hasara, lakini sokoni daftari halinunui nyama. Akiendelea hivyo siku 20, pesa iliyo nje inafika 480,000. Ndiyo maana jirani anakopwa.

Ile sahani ya 24 inatusaidia hapa pia. Sahani 24 za kwanza ziwe za pesa taslimu au za pesa ya simu, kwa sababu ndizo zinazolipa sufuria ya kesho. Kama unauza 28, unaweza kutoa deni sahani nne kwa siku, si zaidi. Pesa ya sahani 24 ni 96,000, inatosha gharama zote za 93,000 pamoja na kuweka kando ya makaa na vyombo. Nne zilizo nje zikilipwa mwisho wa mwezi, zinarudi kama akiba.

Chagua hao wanne au watano wa kudumu, na kila mmoja aandike mwenyewe jina na tarehe kwenye daftari lako siku anapokula. Mtu anayeandika kwa mkono wake habishani mwisho wa mwezi. Na ujue uzito wa deni lisilolipwa: sahani moja ikipotea, umepoteza gharama yake ya kama 3,320. Sahani inayolipwa inakuachia kama 680. Kwa hiyo unahitaji kuuza karibu sahani tano nyingine ili kufidia hiyo moja.

Bei ya soko ikipanda

Mchele ukipanda 500 kwa kilo, usikimbilie kuongeza 1,000 kwenye sahani. Kilo 5 zitaongeza 2,500 kwenye sufuria. Gawanya kwa sahani 28, ni kama shilingi 90 kwa sahani. Nyama ikipanda 2,000 kwa kilo, kilo 2 zinaongeza 4,000, yaani kama 140 kwa sahani. Vyote viwili vikipanda pamoja, sahani imepanda kama 230. Ile 9,000 ya biashara inashuka hadi 2,500. Bado hujaingia kwenye hasara, lakini umefika ukingoni.

Hapo una sababu ya kuongeza 500, na unaweza kumweleza mteja kwa namba: mchele umepanda kiasi hiki, nyama kiasi hiki. Ukiongeza bila kujua, unaweza kuwafukuza watu kwa sababu ya shilingi 90. Usipoongeza bila kujua, unaweza kuwalisha kwa mtaji wako.

Cha kuandika kila jioni

Huhitaji daftari kubwa. Mistari mitano inatosha: gharama ya sokoni, gharama nyingine za siku pamoja na makaa na vyombo, sahani zilizopakuliwa, sahani zilizolipwa, sahani za deni. Gawanya gharama zote kwa sahani zilizouzwa, uandike jibu pembeni.

Namba hiyo ikikaa karibu na ile ile kila siku, sufuria yako iko sawa. Ikiruka ghafla, angalia kwa mpangilio huu: kwanza idadi ya sahani, maana huenda bakuli la kupimia limeachwa na watu wamerudi kwenye mwiko, kisha mchele, maana huenda umebadilika, na mwisho bei za soko. Mara nyingi utapata jibu kabla hujafika kwenye bei za soko.